Barua ya Wazi kwa Kamati ya Wakazi: Tuonyesheni Hesabu Kabla ya Kutupandishia Ada

Kwa Bwana Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina na wajumbe wote wa Kamati ya Chama cha Wakazi wa jengo letu, Tudor, Mombasa.



Nawaandikia hadharani kwa sababu barua mbili nilizompelekea Katibu faraghani hazikujibiwa, na kwa sababu jambo lenyewe linawahusu wenye nyumba na wapangaji wa nyumba zote 40. Najua kazi ya kamati hailipwi. Najua pia kwamba mnapigiwa simu usiku wa manane maji yakikatika. Heshima yangu kwenu ipo palepale. Lakini tangazo mlilobandika kando ya lifti, la kupandisha ada ya huduma kutoka Sh 5,000 hadi Sh 7,500 kwa kila nyumba kuanzia mwezi ujao, siwezi kulikubali, na nitasema kwa nini.

1. Tangazo halina bajeti.

Lina sababu moja tu, kwamba gharama zimepanda. Gharama ya kitu gani, kutoka ngapi hadi ngapi, hakuna. Tulipouliza mkutanoni tukasomewa karatasi yenye mistari mitano, na mstari mkubwa kuliko yote ulikuwa "matengenezo na mengineyo". Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hapa kwetu inaisha hivyo kila mwezi.

Sheria ya nchi haikutuachia jambo hili tulifanye kwa kukisia. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020 inalitaka shirika la wenye nyumba liwe na mfuko wa kuendeshea mali ya pamoja, likadirie kiasi kinachohitajika, kisha liwatoze wenye nyumba kwa kadiri ya fungu la kila nyumba kama lilivyoandikwa katika ramani ya sehemu. Yaani kwanza mahitaji, kisha jumla, kisha mgawanyo. Nyinyi mmeanza na ada, na mahitaji hatujayaona hadi leo.

Na msidhani naandika ili nilipe kidogo. Nimekaa na majirani wachache, fundi bomba mmoja na mhasibu mmoja wa ghorofa ya tatu, tukaijenga bajeti hii kitu kwa kitu. Mtaona hapa chini kwamba mimi mwenyewe, mwenye nyumba ya vyumba vitatu, nitalipa zaidi ya hizo 7,500 zenu. Niko tayari kulipa, bali nataka kujua ninacholipia.

2. Ulinzi: lango moja la saa 24 halilindwi na watu wawili.

Sasa tuna walinzi wawili tuliowaajiri wenyewe, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, kila mmoja Sh 16,000 mkononi bila hati. Karatasi yenu inaita hilo "ulinzi, Sh 32,000" na kusonga mbele. Hebu tupige hesabu ya saa. Wiki ina saa 168. Mlinzi anayeingia saa kumi na mbili na kutoka saa kumi na mbili, siku saba kwa wiki, anafanya kazi saa 84. Amri ya mishahara ya sekta ya ulinzi nchini inaweka wiki ya kazi kuwa saa 52, na Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Walinzi wetu hawana siku ya mapumziko wala likizo. Aliyepita hapo langoni saa tisa usiku anajua matokeo yake: bawabu amejikunyata kwenye kiti cha plastiki, kichwa kimeinama kifuani, na lango limefungwa kwa waya tu. Simlaumu yule kijana. Hakuna binadamu anayekesha mwaka mzima bila usiku mmoja wa kulala kwake.

Gawanya 168 kwa 52, unapata watu watatu na robo. Kwa hiyo lango moja linahitaji walinzi wanne. Wakiwa kazini wote wanne kila mmoja anafanya saa 42. Mmoja akienda likizo, watatu waliobaki wanaweza kushika saa 156, na zamu moja ya saa 12 iliyopungua inalipwa kama saa za ziada. Tukimlipa kila mmoja Sh 22,000, tukaongeza asilimia 6 ya mchango wa mwajiri kwa NSSF na asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba, kila mlinzi anatugharimu Sh 23,650. Wanne ni Sh 94,600 kwa mwezi.

Najua kiasi hicho ni karibu mara tatu ya mnachotumia sasa, na najua mtasema kinatisha. Basi tazameni upande wa pili. Hao walinzi wawili kila mmoja anazidisha saa 32 kila wiki zisizolipwa. Hata kwa mshahara huo mdogo wa 16,000, saa hizo zikikokotolewa kwa malipo ya mara moja na nusu zinafika takriban Sh 350,000 kwa mwaka kwa wote wawili. Tena mshahara wenyewe uko chini ya kima cha chini cha mji huu tangu kilipopandishwa kwa asilimia 6 Novemba 2024. Siku mmoja wao akienda Mahakama ya Ajira, atakayelipa ni sisi wenye nyumba wote, maana mwajiri ni shirika letu. Hilo ni deni tunalolilimbikiza kila mwezi wala halimo katika hesabu zenu. Mbali na deni, ni dhulma. Hatuwezi kulala salama juu ya mgongo wa mtu asiyelala.

Mkipenda kampuni ya ulinzi badala ya kuajiri, sina pingamizi. Ila muulize mambo mawili kabla ya kutia sahihi: je, walinzi na kampuni wamesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi, na je, bei waliyotaja ina asilimia 16 ya VAT na mlinzi wa kupokea zamu ndani yake? Bei ya chini inayosahau hayo hurudi na bei ya pili baada ya miezi mitatu.

3. Maji ndiyo yanayotumaliza.

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo pesa zetu zinapopotelea.

Mombasa haina chanzo chake kikubwa cha maji. Tunayokunywa yanatoka mbali, Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere kwenye vilima vya Shimba, na yakitufikia yanakuja kwa zamu. Kisima chetu cha uani maji yake ni ya chumvi, yanafaa kusukumia choo na kupigia deki tu. Kwa hiyo mfereji ukikauka tunaita boza. Hayo si makosa ya kamati.

Makosa ni kutojua maji yanakwenda wapi. Mwezi uliopita mita kubwa ya mfereji ilisoma yuniti 260, na bili ikawa Sh 39,000. Maboza 11 ya lita 10,000 kwa Sh 7,000 kila moja yakatugharimu Sh 77,000. Jumla Sh 116,000 kwa maji yanayodaiwa kuwa yuniti 370. Sasa, kila nyumba ina mita yake ndogo ukutani kando ya mlango, iliyowekwa na mjenzi tangu mwanzo, na hakuna aliyewahi kuzisoma. Tulizisoma zote 40 siku ya kwanza ya mwezi na siku ya mwisho. Jumla ilikuwa yuniti 287. Yuniti 83 zilizolipiwa hazikufika kwenye bomba la mtu yeyote.

Zilikwenda wapi? Tulianza na boza. Tangi letu la chini lina mita nne kwa mita tatu, kwa hiyo eneo la chini ni mita 12 za mraba. Lita 10,000 zikimiminwa humo, maji lazima yapande kama sentimita 83. Tukazima pampu, tukafunga maji ya mfereji, tukatumbukiza ubao uliochorwa vipimo kabla na baada ya boza kumwaga. Yalipanda sentimita 70. Hizo ni lita 8,400. Kila boza tunapunjwa lita 1,600, na kwa maboza 11 ni karibu yuniti 18 kwa mwezi, huku vocha ikitiwa sahihi na mtu aliyesimama kivulini mbali na tangi.

Zile 65 zilizobaki ziko nyuma ya jengo, na mtu yeyote anaweza kuziona. Nendeni mtazame ukuta wa upande wa kusini chini ya matangi ya juu. Kuna mchirizi wa kijani, mpana kama mkono, unaoshuka kutoka bomba la kumwagia maji ya ziada mpaka ardhini, na chini yake plasta imevimba na kubanduka. Rangi hiyo ya kijani haioti mahali palipolowa mara moja. Boya la tangi moja limekufa, halifungi, na kwa kuwa pampu huwashwa kwa mkono na mlinzi ambaye naye anasinzia, maji hupanda juu, hujaza, hufurika na kushuka ukutani mpaka mtu aamke. Boya jipya, swichi ya kuzimisha pampu tangi likijaa, na kazi ya fundi, havizidi Sh 15,000.

Lipimeni hili vizuri, kwa sababu yuniti inayopotea si ya bei ya mfereji. Maji ya mfereji tunayatumia yote yanayokuja, pengo ndilo linalozibwa na boza, kwa hiyo kila yuniti inayofurika usiku ni yuniti ya boza ya Sh 700. Tukitumia 287 na mfereji ukatupa 260, tunahitaji yuniti 27 tu zaidi: maboza matatu yaliyojaa kweli, manne tukiweka tahadhari. Bili ya maji inashuka kutoka Sh 116,000 hadi Sh 67,000. Sh 49,000 kila mwezi, na dawa yake ni boya na ubao wa kupimia!

Liko pia suala la nani ametumia. Mama mmoja mjane wa ghorofa ya sita, anayekaa peke yake katika nyumba ya chumba kimoja, mita yake ilisoma yuniti 3. Nyumba moja ya vyumba vitatu inayokodishwa kwa wageni wa siku mbili tatu, mashuka yakifuliwa kila asubuhi, ilisoma 24. Chini ya ada yenu ya sare wote wawili wanalipa sawa, yaani yule mama anamfulia mashuka mwenye biashara. Maji yatolewe kabisa ndani ya ada na yalipwe kwa mita. Kila mwezi chukueni bili ya mfereji na vocha za maboza, gawanyeni kwa jumla ya yuniti za mita ndogo, mbandike bei. Kwa hesabu ya mwezi uliopita, boya likiwa zima, ingekuwa kama Sh 235 kwa yuniti: mama wa ghorofa ya sita analipa Sh 705, mwenye wageni analipa Sh 5,640. Mwezi wa ukame bei itapanda, na kila mtu ataona kwa nini. Na siku jumla ya mita ndogo itakapopungua tena kuliko kilichoingia kwa zaidi ya asilimia 5 au 6, mtajua mara moja kuwa kuna uvujaji au boza pungufu, bila kusubiri ukuta uote kijani.

4. Usafi sina ugomvi nao mkubwa. Mama wawili wanaotusafishia wanafanya kazi nzuri. Walipwe Sh 19,500 kila mmoja pamoja na michango ya mwajiri, wekeni fungu la glavu, mabuti na dawa, na mlipe mchukua taka Sh 300 kwa kila nyumba. Jumla ni kama Sh 61,000. Ombi langu moja ni kwamba dawa na sabuni zinunuliwe kwa risiti, si kwa kumpa mtu pesa mkononi kila Jumatatu.

5. Matengenezo ni mambo mawili, na mmeyachanganya.

Taa iliyoungua ngazini, kitasa kilichovunjika, bomba linalovuja, hayo ni matengenezo ya kila siku, na Sh 25,000 kwa mwezi zinatosha. Lakini kupaka jengo rangi, kuziba paa lisipitishe maji, kubadili kamba za lifti na kununua pampu mpya si mambo ya dharura. Yanajulikana tangu siku jengo linakamilika kwamba yatakuja, na karibu mwaka gani. Kamati isiyoyawekea akiba hulazimika kuitisha harambee kila moja linapofika, na harambee huchangiwa na walewale.

Kwa mji kama wetu jambo hili lina uzito zaidi. Upepo wa bahari una chumvi, na rangi ya nje ndiyo ngozi inayozuia chumvi isifike ndani ya zege. Ikichakaa, unyevu hupenya hadi kwenye nondo, nondo hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, kwa hiyo hulipasua zege kutoka ndani. Tazameni nguzo ya pili kushoto mnapoingia maegesho. Kuna ufa ulionyooka kutoka chini kwenda juu, wenye madoa ya rangi ya udongo mwekundu, na ukigonga kwa funguo unasikia mlio wa uwazi. Huo si ufa wa plasta, kwa maana ufa wa plasta hukatakata ovyo na hauna doa. Leo hiyo ni kazi ya fundi kuchokoa zege bovu, kusugua nondo na kuziba kwa mchanganyiko maalumu. Baada ya miaka michache ya kuahirisha itakuwa kazi ya mhandisi na vyuma vya kuegemeza jengo.

Kwa makadirio tuliyopewa na mafundi: rangi ya nje Sh 1,800,000 kila miaka sita, sawa na Sh 25,000 kwa mwezi. Kazi kubwa ya lifti Sh 1,200,000 kwa miaka kumi, Sh 10,000 kwa mwezi. Paa Sh 900,000 kwa miaka kumi, Sh 7,500. Pampu Sh 180,000 kwa miaka minne, Sh 3,750. Jumla ya akiba ni Sh 46,250 kila mwezi, na iwekwe katika akaunti yake yenyewe, yenye watia sahihi watatu, isiyoguswa kulipia boza wala mshahara.

6. Mgawanyo ulio wa haki.

Ukiongeza mkataba wa lifti, umeme wa ngazi na pampu, bima ya jengo, gari la maji taka na mhasibu wa kufunga vitabu, ambavyo pamoja ni Sh 100,000, bajeti yote ya mwezi bila maji inakuwa Sh 326,850. Jengo letu lina nyumba 8 za chumba kimoja zenye mita 55 za mraba, 24 za vyumba viwili zenye mita 85, na 8 za vyumba vitatu zenye mita 125. Jumla mita 3,480, na mafungu yetu katika ramani yanafuata eneo hilo. Kwa hiyo ni Sh 94 kwa mita ya mraba: chumba kimoja Sh 5,170, vyumba viwili Sh 7,990, vyumba vitatu Sh 11,750. Kisha kila mmoja aongeze maji yake.

Wako watakaosema mlinzi hufungua lango lilelile kwa wote, basi walipe sawa. Nimelifikiria. Lakini nyumba kubwa ina watu wengi zaidi, magari zaidi, wageni zaidi, na ikiuzwa thamani iliyolindwa nayo ni kubwa zaidi. Zaidi ya hayo sheria imekwisha kuamua kwamba tutozwe kwa fungu. Mama wa ghorofa ya sita atalipa Sh 5,875 pamoja na maji, chini ya 7,500 zenu. Mimi nitalipa karibu Sh 13,900. Naona ni haki.

Wapangaji pia msiwasahau, maana ndio wengi. Mpangaji wa mwaka mmoja hana sababu ya kulipia rangi itakayompendezesha mnunuzi miaka minne baadaye. Katika zile Sh 7,990 za vyumba viwili, akiba na bima ni kama Sh 1,570, na hizo ni za mwenye nyumba. Sh 6,420 zilizobaki ndizo za huduma anazotumia mpangaji. Andikeni sehemu hizo mbili wazi kwenye kila ankara, ili asitokee mwenye nyumba wa kumtwika mpangaji vyote.

7. Wasiolipa wasibebwe na wanaolipa.

Hili ndilo lililonitia uchungu. Katika nyumba 40 zinazolipa ni 29. Hizo Sh 200,000 mnazopaswa kukusanya zinakuwa Sh 145,000. Mmoja wenu alisema waziwazi kwamba ada imepandishwa "ili kuziba pengo". Yaani mlipaji mwaminifu anatozwa adhabu ya jirani asiyelipa! Tena pengo halitazibika. Nyumba 29 kwa Sh 7,500 ni Sh 217,500, ambazo hazifiki hata mahitaji ya sasa, na kila mnapopandisha bila kueleza, wawili watatu zaidi wanaacha kulipa.

Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo niliyoitaja inaruhusu shirika kudai mchango kama deni lolote. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh milioni 1 na inatakiwa kuyaamua ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Mdaiwa wetu mkubwa ana miezi 14, Sh 70,000. Hilo ni dai la kawaida kabisa pale. Mtakachohitaji ni ankara za kila mwezi, bajeti iliyopitishwa na mkutano na barua ya kudai. Lakini hamna ankara wala bajeti iliyopitishwa, kwa hiyo leo hamwezi kumshtaki mtu, na wadaiwa wanalijua hilo vizuri kuliko sisi. Aliyepatwa na msiba au kupoteza kazi aandikiane nanyi mpango wa kulipa kidogo kidogo. Asiyetaka tu, apelekwe.

Wakati mdaiwa anasubiriwa, mkataba wa lifti umesimamishwa kwa kukosa malipo, na bima ya jengo imeisha muda wake na haikufanywa upya. Yule mama anapanda ghorofa sita kwa miguu yenye maumivu, akipumzika kila kituo cha ngazi. Na moto ukizuka leo katika jiko la mtu yeyote, nyumba 40 hazina bima ya kuzijenga upya.

Kwa hiyo nawaomba haya, Bwana Mwenyekiti na wajumbe.

Kwanza, sitisheni ada ya Sh 7,500 na muitishe mkutano mkuu ndani ya siku 21, bajeti ikiwa imetufikia mikononi siku saba kabla, ikiwa na kiasi na bei ya kila kitu.

Pili, wiki hii hii nunueni boya na swichi ya pampu, na mtu mmoja asiye mjumbe apime kila boza kwa ubao kabla vocha haijatiwa sahihi. Hili halihitaji mkutano.

Tatu, bima ifufuliwe kabla ya malipo mengine yote. Kama mfuko hauna kitu, tozeni mchango wa mara moja kwa fungu, mtuonyeshe bei za kampuni tatu, nami nitalipa siku hiyo hiyo.

Nne, wapeni walinzi na wasafishaji mikataba ya maandishi, na mkubaliane nao juu ya saa walizokwisha kufanya.

Tano, kila mwezi bandikeni palipo tangazo lenu karatasi moja: zilizoingia, zilizotoka, salio la akiba, usomaji wa mita kubwa na jumla ya mita ndogo. Majina ya wadaiwa msiyabandike ukutani, wekeni kiasi tu. Daftari la kila nyumba likaguliwe na mwenye nyumba akiomba.

Vitabu vyetu vya usomaji wa mita, vipimo vya tangi na makadirio ya mafundi viko kwangu, na nakala yake nimeiacha kwa Mweka Hazina leo. Mkiona namba yoyote si sahihi, irekebisheni mbele ya mkutano, nitaikubali. Naomba jibu la maandishi kabla ya Ijumaa ijayo. Mpaka mkutano ukae nitaendelea kulipa Sh 5,000 nilizokuwa nikilipa, kwa wakati, na nawaomba majirani wote wafanye hivyo hivyo, maana kuacha kulipa kutazima hata taa za ngazi.

Wenu kwa heshima,
Mwenye nyumba wa ghorofa ya tano
Tudor, Mombasa